Garanti bila orodha ni zawadi kwa bayeri

Mpangaji anayeingia nyumba yenye samani hapa Goma hutoa, ndani ya siku moja, pesa nyingi kuliko atakazotoa siku nyingine yoyote ya upangaji wake. Tuchukue nyumba ya vyumba viwili upande wa Himbi, kodi dola 400 kwa mwezi. Garanti ya miezi mitatu ni 1,200, mwezi wa kwanza ni 400, na komisioneri aliyemwonyesha mlango anangoja mwezi wake mmoja. Dola 2,000 zimetoka mfukoni kabla hata godoro halijalaliwa. Mara nyingi anachopata siku hiyo ni funguo na ahadi: kontra utaletewa kesho, papa bayeri bado anatafuta mahali pa kutoa kopi, na orodha ya vitu tutaifanya ukishatulia. Msimamo wangu ni kwamba kesho hiyo ni ghali. Funguo, pesa, kontra yenye saini za pande zote na orodha ya vitu vinapaswa kubadilishana mikono kwenye meza moja, saa ile ile. Na katika karatasi hizo mbili, kwa nyumba yenye samani, inayoamua kama garanti itarudi ni orodha.

Ili kuelewa sababu, tuanze na garanti yenyewe. Watu wengi huizungumzia kana kwamba ni sehemu ya bei ya nyumba. Siyo. Ni pesa ya mpangaji inayokaa mikononi mwa bayeri mpaka siku ya kutoka, ili bayeri asipate hasara mpangaji akivunja au akikimbia na deni. Sheria namba 15/025 ya 31 Desemba 2015, inayohusu upangaji usio wa kibiashara, iliweka kikomo cha miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi, ingawa wapo mabayeri mjini wanaoendelea kudai zaidi. Lakini hata miezi mitatu inamweka mpangaji mahali pagumu, kwa sababu siku ya kutoka anayedai kwamba kuna uharibifu ndiye huyo huyo aliyeshika pesa. Bayeri hahitaji kwenda mahakamani, anakata tu. Anayelazimika kusafiri, kusubiri, kulipa na kuthibitisha ni mpangaji. Basi swali la siku ya mwisho huwa moja: frij hii, kitanda hiki na betri hizi zilikuwa katika hali gani ulipoingia? Asiye na jibu la maandishi amekwisha kushindwa, hata kama hakuvunja sahani moja.

Nchi mbili ambazo sheria zetu zilichota kwao zinaonyesha jinsi jambo hili lisivyo dogo. Sheria ya raia ya Ufaransa ya 1804 ilisema kwamba pasipokuwa na maelezo ya hali ya nyumba wakati wa kuingia, mpangaji huhesabiwa kuwa aliipokea ikiwa nzuri. Akitaka kusema vinginevyo, athibitishe. Ubelgiji ilitumia kanuni hiyo hiyo mpaka sheria ya 29 Desemba 1983 ilipoigeuza: pasipo maelezo hayo, huhesabiwa kwamba mpangaji aliipokea katika hali ile ile iliyopo anapotoka, na anayedai uharibifu ni bayeri, ndiye athibitishe. Karatasi ni ile ile iliyokosekana, mlango ni ule ule, lakini anayelipa amebadilika. Sisi tunaishi na dekreti ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo inasema wazi kwamba makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa walioyafanya. Mimi nasoma kanuni hiyo kama ushauri wa vitendo: usiache dhana ya sheria ikuamulie wakati unaweza kuandika makubaliano yako mwenyewe kwa nusu siku. Orodha iliyosainiwa na wote wawili inaondoa dhana zote mezani.

Saini unayotoa bila kusoma

Tuangalie kontra yenyewe kwa karibu. Karibu kila kontra ya nyumba inayoandikwa mjini humu huishia na sentensi ya aina moja: imefanyika Goma, katika nakala mbili, kila upande ukikiri kwamba umepokea yake. Huandikwa kwa Kifaransa, chini kabisa, juu kidogo ya mahali pa saini, na watu huipita kama pambo. Kumbe ni risiti. Ukitia saini chini ya sentensi hiyo halafu bayeri akaondoka na karatasi zote mbili, umekiri kwa mkono wako kwamba nakala yako unayo. Miezi minane baadaye ukisema hukupewa, atakuonyesha saini yako. Kwa hiyo nakala haiombwi baada ya kusaini, huombwa kabla. Karatasi mbili ziwe mezani, zote mbili zisainiwe kwa wino, na kila mtu ainuke na yake. Kama ipo moja tu, sentensi hiyo ikatwe kwa mstari, pembeni iandikwe kwamba nakala ya mpangaji bado haijatolewa, na wote watie saini fupi hapo. Bayeri akiona mstari huo, nakala ya pili mara nyingi huonekana haraka.

Kuna sababu nyingine ya kutoachia nakala moja tu ibaki upande mmoja. Kontra ya kurasa tatu hutiwa saini ukurasa wa mwisho, lakini kiasi cha kodi, idadi ya miezi ya garanti na tarehe ya kuanza viko ukurasa wa kwanza. Karatasi zimeshikwa kwa pini. Anayebaki na nakala pekee anaweza kutoa ukurasa wa kwanza na kuweka mwingine, na saini ya mwisho ikabaki yako halali kabisa. Dawa yake inajulikana na kila karani: saini fupi ya pande zote chini ya kila ukurasa, kurasa zihesabiwe moja kwa tatu, mbili kwa tatu, tatu kwa tatu, na kila nafasi iliyoachwa wazi ipigwe mstari. Nafasi wazi ni hatari zaidi ya maneno mabaya, maana maneno mabaya angalau umeyasoma.

Jambo la tatu ni nani anayesaini. Wenye nyumba nyingi za kando ya ziwa hawaishi Goma. Mwenye nyumba yuko Kinshasa, Butembo, Kampala au Ulaya, na nyumba inaangaliwa na mdogo wake, shemeji au kijana anayemwamini. Huyo mwangalizi anaweza kusaini, lakini kontra iseme anasaini kwa niaba ya nani na kwa hati gani ya uwakilishi, na kopi ya hati hiyo ishonwe kwenye nakala yako. Vinginevyo mwenye nyumba atarudi siku moja na kusema hakumtuma mtu kupokea dola 1,200, na utakuwa unamdai kijana ambaye mwenyewe hana nyumba.

Tangu mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 na mabenki yakafungwa, karatasi hizi zimepata kazi ambayo hazikuwa nayo zamani. Mpangaji aliyelipa kwa benki alikuwa na alama ya malipo hata kama bayeri hakumpa risiti. Siku hizi noti zinapita kutoka mkono hadi mkono, au pesa inakwenda kwa simu kwenye namba ambayo mara nyingine imesajiliwa kwa jina la mtoto wa bayeri. Garanti isipotajwa kwa tarakimu na kwa maneno ndani ya kontra, pamoja na maneno kwamba imepokelewa tarehe fulani, hakuna mahali pengine popote ilipoandikwa.

Orodha inayosema kitu

Sasa orodha. Zile ninazoonyeshwa kwa kawaida ni nusu ukurasa: frij 1, sofa 1, vitanda 2, jiko 1, tivi 1, vyote vizuri. Karatasi hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu neno vizuri limesainiwa na mpangaji. Orodha ya kweli ina safu tano: kitu, idadi, alama ya kukitambua, hali yake ilipojaribiwa, na thamani mliyokubaliana siku hiyo. Mstari wa frij ungesomeka hivi: frij moja nyeupe ya milango miwili, namba ya kiwandani kama ilivyo nyuma, inagandisha, mpira wa mlango wa chini umechanika sentimita kumi, kipini cha juu hakipo, dola 180. Mstari huo unajibu maswali matatu ya siku ya kutoka kwa mpigo: je, ni frij ile ile, ilikuwa na kasoro gani, na ikifa ni kiasi gani kinachodaiwa. Safu ya thamani ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayookoa pesa nyingi. Bila hiyo, frij iliyotumika miaka sita hufa ikiwa ya zamani na hudaiwa ikiwa mpya.

Kazi ya kuandika hali haifanyiki kwa macho peke yake. Kila chombo chenye waya au mota kiwashwe. Godoro ligeuzwe upande wa chini, maana upande wa juu hufuliwa kabla ya mgeni kuja. Chupa ya gesi ipimwe: uzito wa chupa tupu umegongwa kwenye chuma cha shingo yake, kwa hiyo ikisomeka 15.2 na mizani ikaonyesha 21.7, umepokea kilo sita na nusu za gesi, na hicho ndicho utakachorudisha, si chupa iliyojaa. Mita ya umeme ya kulipia kabla iandikwe namba yake na uniti zilizobaki, iwe ya Virunga Energies au ya kampuni nyingine, pamoja na neno kwamba mita haina deni la mpangaji aliyetangulia. Jenereta iwashwe ikiwa imebeba mzigo, frij na taa pamoja, kwa nusu saa nzima. Jenereta isiyobebeshwa kitu huunguruma vizuri hata ikiwa mbovu.

Katika nyumba za mji huu, ugomvi mchungu kuliko yote ni wa betri za inveta. Umeme hukatika, nyumba zenye samani hutangazwa kuwa zina betri, na betri ni kitu kinachochakaa bila kuonyesha kovu. Betri ya volti 12 iliyochajiwa ikapumzika husoma kama 12.7 kwenye kipimo, lakini iliyochoka nayo inaweza kusoma hivyo hivyo ikiwa haijabeba kitu. Kipimo cha haki ni saa. Zima umeme wa nje jioni, washa taa zote na ruta ya intaneti, angalia saa, na subiri mpaka inveta ilie. Kisha andika: betri mbili, taa sita na ruta, zimedumu saa moja na dakika ishirini. Mwaka ukipita zikidumu dakika arobaini, mtu yeyote anaona kwamba zilikuwa zinaelekea mwisho ulipozikuta. Bila mstari huo, utanunua betri mbili mpya za mtu mwingine.

Kuna vitu visivyoweza kuhukumiwa siku moja. Frij hujulikana baada ya kukaa na umeme mchana na usiku, paa hujulikana mvua ikinyesha, na pampu ya tangi hujulikana siku maji ya mjini yasipokuja. Kwa hiyo mwisho wa orodha uwekwe mstari mmoja: mpangaji ana siku saba za kuongeza kasoro atakazozigundua, kwa maandishi, na bayeri atatia saini nyongeza hiyo au aje aone mwenyewe. Bayeri mwaminifu hakatai mstari huo, kwa kuwa nao unamkinga: siku ya nane ikipita, kasoro mpya ni za mpangaji.

Tarehe juu ya orodha haina uzito mdogo kuliko orodha yenyewe. Mji huu umeacha nyumba wazi zaidi ya mara moja. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye amri ya kuhama ikatolewa kwa mitaa kumi ya mji. Watu walitoka mbio kuelekea Sake na ng'ambo ya mpaka, funguo zikabaki kwa walinzi. Mwisho wa Januari 2025 mapigano yalikuja na uporaji. Kanuni ya zamani ya upangaji humwondolea mpangaji mzigo wa kitu kilichopotea kwa uzee au kwa nguvu isiyozuilika, lakini kwanza lazima ionekane kilikuwepo, kisha ionekane kilitoka siku ile. Mpangaji mwenye orodha ya kuingia, aliyeandika orodha ya pili siku aliporudi na kuikuta nyumba imevunjwa, akaita kiongozi wa nyumba kumi na majirani wawili watie saini, anazo karatasi mbili zinazoonyesha pengo na tarehe yake. Asiye nazo ataambiwa tivi aliiuza.

Hesabu ya siku ya kutoka

Turudi kwenye nyumba yetu ya dola 400 na tuifuate mpaka mwisho. Bei ni za mfano, lakini aina ya madai ni ile inayoonekana kila mara. Mpangaji anatoka baada ya miezi kumi na minne, amelipa kila mwezi. Bayeri anazunguka nyumba na kutaja: frij haifungi vizuri, 300, godoro limeungua, 120, betri hazishiki moto, 360, pazia zimepungua, 60, kuta zimechafuka, 150. Jumla 990. Kati ya garanti ya 1,200, mpangaji apewe 210 na ashukuru.

Sasa orodha inafunguliwa. Mpira wa frij ulikuwa umechanika siku ya kuingia, na frij bado inagandisha: sifuri. Godoro liliandikwa jipya, dola 120, na kweli pasi imeliunguza. Hapo mpangaji analipa, ila kwa godoro lililokwisha kulaliwa zaidi ya mwaka, wakakubaliana 80. Betri zilipimwa saa moja na dakika ishirini zikiwa tayari zimechoka: sifuri. Pazia zilikuwa nne kwa dola 15 kila moja, leo ni tatu: 15. Kuta zimeshika vumbi jeusi la mawe ya volkano na unyevu wa ziwa, jambo ambalo nyumba yoyote ya Goma hulipata ikikaliwa, kwa hiyo rangi ni ya bayeri. Matundu ya misumari sebuleni ni ya mpangaji: 20. Jumla 115. Kinachorudi ni 1,085. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni dola 875, zaidi ya kodi ya miezi miwili, na imetokana na karatasi iliyochukua nusu siku kuandikwa. Ona pia kwamba mpangaji hakutoka bure. Orodha ilimlipisha godoro, pazia na matundu, bila kelele, kwa sababu yalikuwa yake.

Hapo ndipo neno uchakavu linapohitaji kuwekwa sawa. Kitu kinachoisha kwa kutumiwa ipasavyo hakilipwi na mpangaji. Kilichovunjwa, kupotea au kutumiwa vibaya hulipwa. Hewa yetu yenyewe inachakaza. Moshi wa Nyiragongo una gesi ya salfa inayofanya mvua kuwa na asidi na kula mabati, na milango ya chuma hushika kutu mapema. Bayeri anayedai bati lililoliwa na kutu anadai kitu ambacho mlima umefanya. Kontra ikiweza kutaja kwa mstari mmoja kwamba kutu, kufifia kwa rangi na uzee wa betri havimhusu mpangaji, ugomvi wa saa nzima umekwisha kabla haujaanza.

Wanayoniambia

Kuna pingamizi nne ninazozisikia. Ya kwanza ni ya mpangaji mwenye haya: nikiomba orodha, papa bayeri ataona simwamini. Mimi nasema bayeri aliyechukua miezi mitatu ya garanti ameshaonyesha kwamba imani peke yake haitoshi, na hakuna aliyemwona mkosaji. Omba kwa heshima na uombe mapema, siku ya kuona nyumba, si siku ya funguo. Unaweza kumwambia hivi: «Papa, nyumba nimeipenda. Siku ya kulipa garanti naomba tuwe na kontra mbili za kusaini, na tupite vyumba pamoja tuandike vitu, ili siku ya kutoka tusisumbuane.» Maneno hayo hayamtuhumu mtu. Anayekasirika kwa hayo amekuonyesha mapema namna atakavyokuwa siku ya kutoka.

Ya pili: nimepiga picha zote kwa simu, karatasi za nini? Picha ni nzuri, na video ya kuzunguka nyumba ukisema tarehe ni nzuri zaidi. Ila picha inaonyesha ulichokiona wewe. Haionyeshi kwamba bayeri alikubali. Tena picha haionyeshi betri inadumu saa ngapi wala frij inagandisha au la. Picha ziwe nyongeza ya orodha, zitumwe kwa bayeri siku hiyo hiyo kwa Watsapu, ili zibaki pande zote mbili zikiwa na saa yake. Na picha ya kontra si sawa na kontra: bayeri akiikana, utaulizwa asili iko wapi.

Ya tatu inatoka kwa wafanyakazi wa mashirika: kontra ni ya shirika, mimi nalala tu. Mara nyingi shirika linasaini nyumba lakini samani zimeongezwa na bayeri kwa makubaliano na mkaaji, au wakaaji wanapokezana vyumba bila mtu kuandika. Wa mwisho kutoka ndiye anayeulizwa vikombe vya watatu waliomtangulia. Kila anayepokea chumba atie tarehe na saini kwenye orodha ile ile ya nyumba, na aombe kopi yake hata kama jina lake halimo kwenye kontra.

Ya nne ni ya mabayeri wenyewe, na husemwa kwa sauti ya chini: kopi ikizagaa, itafika kwa watu wa ushuru. Ndiyo sababu ya kweli ya kontra nyingi kubaki kabatini. Ushuru wa mapato ya upangaji uliowekwa na sheria ya 1969 ulikuwa asilimia 22, mzigo mkubwa kwa mtu ambaye nyumba yake inakaliwa kwa vipindi. Matokeo yake ni kontra mbili, moja ya kodi ya kweli na nyingine ya kodi ndogo ya kuonyesha. Mpangaji asikubali kuingia humo. Kontra ikisema dola 200 wakati unalipa 400, garanti yako nayo imeandikwa 600, na hizo nyingine 600 umezitoa bila shahidi. Mambo ya bayeri na ushuru ni yake. Kiasi kilichotoka mfukoni mwako kiandikwe kilivyo. Na orodha ya vitu haina neno hata moja la kodi, kwa hiyo hofu ya ushuru si sababu ya kuikataa.

Kifanyike nini

Ofisi za makazi za komini ya Goma na ya Karisimbi hupiga muhuri kontra za upangaji. Ningependa zisipige muhuri kontra ya nyumba yenye samani isiyo na orodha iliyoshonwa nyuma yake, na ziwe na fomu moja tupu ya safu tano, kwa Kiswahili na Kifaransa, inayouzwa kwa bei ya kopi. Makomisioneri nao wanaweza kubanwa bila sheria mpya: mpangaji amlipe komisioneri nusu ya mwezi wake siku ya funguo, na nusu nyingine kontra na orodha zikiwa zimesainiwa. Utashangaa jinsi karatasi zinavyokimbia wakati komisioneri anazingoja.

Anayekataliwa kabisa ana njia mbili. Akiwa na muda, aache nyumba hiyo kabla ya kutoa garanti, maana baada ya kuitoa hana tena cha kujadiliana nacho. Asiye na muda, kwa mfano familia iliyohama ghafla, aingie, lakini siku hiyo hiyo aandike orodha mwenyewe mbele ya kiongozi wa nyumba kumi au jirani mmoja, wote watie saini na tarehe, kisha amtumie bayeri pamoja na ujumbe: «Jambo papa, hivi ndivyo nilivyovikuta vitu leo. Kama kuna nilichokosea, naomba uniandikie ndani ya siku saba.» Orodha ya upande mmoja ni dhaifu kuliko ya pande mbili, lakini bayeri aliyeipokea na kunyamaza miezi kumi na minne atapata shida kueleza mbele ya wasuluhishi, au mbele ya mahakama ya amani, kwa nini amekumbuka frij siku ya kurudisha pesa. Na siku ya kutoka mzunguko urudiwe kwa karatasi ile ile, chumba kwa chumba, mita na gesi zikisomwa tena, hesabu ikaandikwa chini na kusainiwa na wote wawili. Funguo zisirudi mpaka hesabu hiyo iwe imeandikwa, hata kama pesa yenyewe itangoja wiki moja.